Njia Nne za Kufuatilia Kontena Linalokuja Tanga, na Swali Ambalo Kila Moja Inaweza Kulijibu

Mfanyabiashara anayefika ofisini kwetu, mwendo mfupi kutoka lango la bandari ya Tanga, na kuuliza kontena lake liko wapi, mara nyingi huwa ameshaangalia simu yake kabla hajaja. Ameona tarehe moja kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, ameona nyingine kwenye jukwaa analolilipia kila mwezi, na wakala wake wa forodha amemtajia ya tatu. Kwa hiyo anachotaka hasa ni kujua amwamini nani, na jibu linategemea jambo analotaka kuamua siku hiyo: kama anapanga kukodi lori, anahitaji taarifa tofauti na yule anayetaka tu kumtuliza bosi wake.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne. Ya kwanza ni ukurasa wa ufuatiliaji wa kampuni ya meli yenyewe. Ya pili ni jukwaa la kulipia linalokusanya taarifa za kampuni nyingi za meli mahali pamoja. Ya tatu ni ramani ya mwendo wa meli inayotumia mawimbi ya AIS, kifaa cha melini kinachotangaza mahali meli ilipo. Ya nne ni orodha ya upakuaji kutoka kwa wakala wa meli, ambayo hupatikana kwa simu au barua pepe. Kuna pia kifaa cha GPS kinachofungwa kwenye kontena, lakini nakiacha nje ya ulinganisho huu. Kikishafunikwa na makontena mengine ya chuma, na mtandao wa simu ukiwa umeachwa nchi kavu, hukaa kimya mpaka bandari inayofuata, na mwisho wa safari lazima apatikane mtu wa kukifungua na kukirudisha. Kwa mzigo unaohofiwa kuibiwa barabarani kina maana. Kwa sehemu ya baharini hakiongezi mengi.

Kabla ya kuzilinganisha ni vizuri kuona taarifa yenyewe inazaliwa wapi, kwa sababu njia ya kwanza na ya pili, pamoja na sehemu kubwa ya yale anayosema wakala wa forodha, huchota kwenye kisima kimoja.

Chukua kontena linaloshushwa Mombasa ili lihamishiwe meli nyingine ya kuja Tanga. Winchi inalitua, karani wa tali anaandika namba yake au kamera inaisoma, na mfumo wa gati unalipokea. Hapo ndipo tukio lilipo, lakini kampuni ya meli bado haijui chochote. Mfumo wa gati huituma taarifa hiyo kwa kampuni ya meli kwa ujumbe wa kielektroniki unaoitwa COARRI, na aghalabu hautumi ujumbe kwa kila kontena linapotua, bali hukusanya makontena kadhaa na kuyatuma kwa mkupuo. Gati nyingine hufanya hivyo kila baada ya saa kadhaa, nyingine husubiri meli imalize kazi. Ujumbe ukifika, mfumo wa kampuni ya meli huoanisha namba ya kontena na safari iliyoandikishwa. Namba ikiwa imekosewa tarakimu moja, kwa kawaida kosa hilo hufichuliwa na tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena, ambayo hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zinazoitangulia. Basi ujumbe hukataliwa na kusubiri mtu aufungue na kuusahihisha. Mtu huyo huenda yuko nchi nyingine, na huenda kwao ni siku ya mapumziko.

Tanga ina ugumu wake wa ziada. Makontena mengi yanayotoka mbali hayaji na meli ile ile iliyoyachukua mwanzo. Huletwa na meli ndogo za kusambaza, ambazo watu wa bandari huziita fida. Fida inaweza kuwa mali ya kampuni nyingine kabisa, na mifumo ya kampuni hizo mbili huenda haizungumzi. Hapo taarifa hupita kwa wakala wa meli, ambaye huisoma kwenye barua pepe na kuiandika kwa mkono katika mfumo wa kampuni ya kwanza, na kila mara mkono wa mtu unapoingia, ucheleweshaji huingia pamoja nao.

Ucheleweshaji huu unaweza kupimwa. Tangu mwaka 2020 umoja wa kampuni kubwa za meli uitwao DCSA umekuwa ukitoa kiwango cha pamoja cha kuandika matukio ya ufuatiliaji, na kampuni zinazokifuata hutoa data kwa umbo linalofanana na hili:

```
{
  "eventType": "EQUIPMENT",
  "eventClassifierCode": "ACT",
  "equipmentEventTypeCode": "DISC",
  "eventDateTime": "2025-03-04T21:40:00+03:00",
  "eventCreatedDateTime": "2025-03-06T08:15:00Z"
}
```

Msomaji asitishwe na mabano. Mstari wa kwanza unasema hili ni tukio la kontena lenyewe, si la meli. `ACT` maana yake ni jambo lililokwisha kutokea, tofauti na `PLN` ambayo ni mpango na `EST` ambayo ni makadirio. `DISC` ni kushushwa. Mistari miwili ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa: wa kwanza kati yake unasema kontena lilishushwa lini, wa pili unasema taarifa iliandikwa lini. Alama ya `+03:00` ni saa za Afrika Mashariki, na herufi `Z` ni saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo kontena lilishuka tarehe 4 saa 3:40 usiku kwa saa za Kiswahili, na taarifa ikaandikwa tarehe 6 saa 5:15 asubuhi. Ni ucheleweshaji wa saa 37 na dakika 35, na katika muda huo wote aliyekuwa akiangalia ukurasa aliona kontena liko baharini.

Kurasa nyingi za kampuni za meli huonyesha wakati wa tukio tu na kuficha wakati wa kuandikwa. Ndiyo sababu ukitazama tarehe 7 unaona kila kitu kimenyooka, kana kwamba taarifa ilikuwepo tangu tarehe 4. Jukwaa lisilosoma ile alama ya saa nalo huongeza vurugu lake: tukio la saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 5 hapa kwetu huandikwa tarehe 4 saa 22:30 kwa saa za dunia, na kurasa mbili zinazosema kweli zinaonekana kugombana kwa siku nzima. Nimewahi kuona pia karani akiandika 09:00 kwa tukio la saa tisa alasiri, na hilo halina mfumo wa kulikamata.

Sasa niieleze kesi ya kontena hilo lililoshuka tarehe 4, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nibadilishe utaratibu wangu.

Lilikuwa kontena la futi 40 kutoka India, limebeba vipuri vya mashine ya korona, ile inayochambua majani ya mkonge, kwa kiwanda kimoja cha ndani ya mkoa. Mashine moja ilikuwa imesimama na majani yaliyokatwa hayasubiri. Mpango ulikuwa kontena lishuke Mombasa tarehe 4 Machi, lipakiwe kwenye fida inayoondoka Mombasa jioni ya Jumamosi tarehe 8, na lifike Tanga Jumapili asubuhi tarehe 9. Kutoka Mombasa hadi hapa ni safari ya usiku mmoja, hivyo hapakuwa na sababu ya kutilia shaka. Nikakodi lori, na kwa kuwa ilikuwa Ramadhani nikamwomba dereva awahi, tusije tukamshikilia mpaka wakati wa kufuturu.

Asubuhi hiyo, njia zote nne zilikuwa na haya ya kusema:

| Njia | Ilichosema Jumapili tarehe 9, saa 4 asubuhi | Hali halisi |
|---|---|---|
| Ukurasa wa kampuni ya meli | Meli imewasili Tanga, `ACT` | Kweli kuhusu meli, si kuhusu kontena |
| Jukwaa la kulipia | Kontena limewasili, na barua pepe ya kutujulisha | Si kweli |
| Ramani ya AIS | Fida imefunga gatini | Kweli |
| Orodha ya upakuaji ya wakala wa meli | Namba yetu haimo | Kweli, ila sikuiomba mpaka saa 6 mchana |

Kontena lilikuwa bado Mombasa. Fida ilijaa, au kulikuwa na mizigo iliyopewa kipaumbele, nasi tukaachwa nyuma. Kuachwa nyuma ni jambo la kawaida katika bandari za kuhamishia mizigo, na sililalamikii sana. Linalonishughulisha ni kwamba vyanzo vitatu vilikubaliana, na kukubaliana kwao kulinipa uhakika ambao haukuwa na msingi.

Ukurasa wa kampuni ya meli ulikuwa umeliunganisha kontena na fida ile kwa mpango, siku nyingi kabla. Meli ilipowasili, tukio la meli likageuka kutoka makadirio kuwa jambo lililotokea, na likaonekana kwenye historia ya kontena letu kwa sababu tu ya muungano ule wa mpango ambao hakuna aliyeuvunja mwishoni mwa wiki. Jukwaa la kulipia lilichukua mpango huo huo kutoka kwa kampuni ya meli, likachukua na nafasi ya fida kutoka AIS, likaona meli imeingia katika eneo la bandari ya Tanga, likahitimisha kwamba kontena limefika. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilijengwa juu ya dhana moja ambayo hakuna aliyeihakiki: kwamba kontena lilipanda.

Alama ilikuwepo tangu Jumamosi usiku, na ningeiona kama ningejua kuitafuta. Katika orodha ya matukio kulikuwa na `DISC` ya Mombasa yenye `ACT`, kisha kuondoka kwa meli Mombasa kwenye `ACT`, na katikati yake hapakuwa na `LOAD` yenye `ACT`. Kontena haliwezi kuondoka na meli ambayo halijapakiwa. Ama taarifa ya kupakiwa imechelewa, ama kontena halikupakiwa, na hali zote mbili zinataka simu ipigwe kabla ya lori kukodiwa. Simu niliyompigia wakala wa meli Jumapili mchana haikuchukua hata dakika tano. Dereva alikuwa amekaa langoni tangu saa 2.

Kontena lilipanda fida iliyofuata na kushushwa hapa usiku wa Ijumaa tarehe 14. Ukurasa wa kampuni ya meli ulibadilisha jina la meli Jumatatu tarehe 10, na tukio la kuwasili la tarehe 9 likafutika bila maelezo yoyote. Atakayeangalia historia hiyo leo ataona safari isiyo na doa, na hatajua kwamba kulikuwa na siku nzima ambayo kontena lilikuwa Tanga kwenye skrini na Mombasa kwenye ardhi. Tangu hapo napiga picha ya skrini kila siku kwa kontena lenye mzigo wa haraka, kwa kuwa mzozo wa siku za bure na demareji, yaani tozo ya kontena kukaa bandarini kupita siku hizo, hauwezi kuzungumzwa kwa historia iliyokwisha kusafishwa.

Kutokana na kesi hiyo naweza kusema kila njia inafaa wapi.

Ukurasa wa kampuni ya meli ndio wa kuanzia, hauna malipo, na ndio ulio karibu zaidi na kisima. Utumie kujua matukio ya kontena yaliyokwisha kutokea: kutoka langoni, kupakiwa, kushushwa. Usiutumie kama ushahidi wa tarehe ya kufika, hasa pakiwa na meli ya pili, kwa sababu tarehe hiyo hubadilika pale tu mtu anapoibadilisha. Tafuta kwa namba ya hati ya shehena ya kampuni ya meli, si ile ya msafirishaji wa kati, ambayo ukurasa huo hauitambui. Ukitafuta kwa namba ya kontena peke yake, hakikisha unaangalia safari yako, maana sanduku hilo hilo lilibeba mzigo wa mtu mwingine mwezi uliopita na litabeba wa mwingine mwezi ujao.

Ramani ya AIS ina nguvu pale ambapo ukurasa una udhaifu. Meli za mizigo zenye ukubwa wa GT 300 na zaidi katika safari za kimataifa zinatakiwa kubeba kifaa hicho, na zinapokuwa mwendoni hutangaza mahali zilipo kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo hakuna karani anayesubiriwa. Ila nafasi ya meli na kituo inachokwenda ni vitu viwili tofauti. Nafasi inatoka kwenye mtambo. Kituo na saa ya kufika huandikwa kwa mkono na mabaharia, na nimeona meli iliyokwisha kutia nanga hapa ikiendelea kutangaza bandari iliyotoka. Sehemu ile ya saa ya kufika haina hata mwaka ndani yake. Tena AIS haijui chochote kuhusu makontena. Inajibu vizuri swali la meli na haijibu kabisa swali la mzigo.

Hata neno kuwasili linataka kuulizwa. Kwa miaka mingi meli kubwa zilizokuja Tanga zilitia nanga takriban kilomita 1.7 kutoka gatini, na mizigo ikaletwa kwa matishari. Kampuni moja ilihesabu kuwasili pale nanga inapotua, nyingine pale tishari la kwanza linapofika. Baada ya kuchimbwa kina kufikia mita 13 na kujengwa gati mbili zenye urefu wa mita 450, meli hufunga gatini moja kwa moja, lakini tofauti haikuisha: bado kuna kuwasili kwa nangani na kuwasili kwa gatini, na gati ikiwa na meli nyingine pengo linaweza kuwa la siku. Jukwaa linalochora mstari wa eneo la bandari baharini litakuambia meli imefika, wakati wewe unaiona kwa macho kutoka ufukweni ikingoja.

Jukwaa la kulipia lina faida moja ya kweli, nayo ni kuona kampuni nyingi za meli katika orodha moja na lugha moja ya matukio. Mwenye makontena matatu kwa mwezi kupitia kampuni moja ya meli hanunui chochote ambacho hana tayari. Mwenye makontena arobaini kupitia kampuni sita anaokoa muda wa mtu mmoja kila asubuhi, na hilo lina bei. Lakini asinunue akidhani analipia taarifa sahihi zaidi. Mara nyingi analipia taarifa ile ile, pengine ikiwa nyuma kwa saa chache kwa sababu jukwaa nalo huchota kwa zamu. Mwuzaji aulizwe mambo mawili: je, skrini inaonyesha wakati wa tukio na wakati wa kupokewa kwa taarifa, vyote viwili, na je, inatenganisha kuwasili kwa meli na kushushwa kwa kontena. Akijibu la pili kwa kusita, basi barua pepe ya tarehe 9 Machi itakufikia na wewe.

Orodha ya upakuaji kutoka kwa wakala wa meli haina skrini, hutoka siku moja au mbili tu kabla ya meli kufika, na Jumapili inabidi umjue mtu. Kwa uamuzi wa kukodi lori, hata hivyo, naiweka mbele ya nyingine zote tatu, kwa kuwa hutengenezwa kutokana na yale yaliyomo melini kweli na si yale yaliyopangwa kuwemo. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kukuonya wiki moja kabla.

Kwa mwagizaji mdogo wa Tanga, nashauri ukurasa wa kampuni ya meli kila asubuhi, AIS kuanzia siku meli ya pili inapoondoka, na simu moja kwa wakala wa meli kabla ya kulipa chochote kinachohusiana na usafiri wa barabara. Kwa anayefikiria kununua jukwaa, achukue makontena kumi aliyokwisha kuyapokea, aandike kutoka kwenye hati za gati saa halisi ambayo kila moja lilishushwa, kisha aombe jukwaa limwonyeshe saa liliyopokea taarifa ya kila moja. Achague angalau manne kati ya hayo kumi yawe yalipita bandari ya kuhamishia mizigo, kwa sababu yaliyokuja moja kwa moja yatalifanya jukwaa lolote lionekane zuri.